Dawa ya Thairoidi Imebadilishwa Kampuni, na Dada Anataka Kunitumia Kapsuli za Amerika

*Daktari, salamu kutoka Kisumu. Mimi ni mama wa miaka 44, nauza mitumba Kibuye. Miaka mitano iliyopita nilitolewa goita, tezi yote ikaenda, na tangu hapo nameza levothairoksini ya mikrogramu 100 kila asubuhi. Nyama iliyopimwa haikuwa na saratani. Mwezi wa Machi nilipima TSH ikawa 2.1 na kliniki wakasema niko sawa.*

*Tarehe 3 Septemba nilienda kwa kemisti wangu nikaambiwa ile ya kawaida haiko, wakanipa ya kampuni nyingine, bado 100. Wamenihesabia kwenye bahasha ya kaki kwa sababu sikuwa na pesa ya pakiti nzima. Baada ya siku chache nikaanza kusikia mwili mzito, baridi hata mchana wa jua, na choo kigumu. Nywele nazo zinabaki kwenye kitana tangu mwezi wa nane. Tarehe 15 nikajipeleka maabara mwenyewe, TSH ikasoma 5.8. Jamaa wa kemisti anasema hiyo kampuni ni dhaifu, nipandishe hadi 125.*

*Dada yangu mdogo aliye Amerika pia ana shida ya thairoidi. Yeye anatumia zile kapsuli laini zenye maji ndani na anasema hizi tembe zetu ni za kizamani. Anataka kunitumia zake za miezi mitatu, za 112, anasema ni karibu tu na 100. Rafiki mwingine ameniambia kuna ya maji kabisa. Pia nimenunua vidonge vya nywele lakini sijaanza. Kitu kingine, tangu katikati ya Julai nameza omeprazoli ya vidonda vya tumbo, nilipewa ya mwezi mmoja nikaendelea kununua kwa sababu inanituliza. Je, nipandishe dozi? Nihamie kapsuli? Na nipime tena lini?*

*Mama Akinyi, Kisumu*

Mama Akinyi, dozi iache pale pale kwenye 100, kapsuli za dada zisubiri, na kipimo kinachofuata ukifanye kati ya tarehe 15 na 29 Oktoba. Hapo ni wiki sita hadi nane kutoka siku uliyobadilishiwa dawa. Kama tayari umeshaanza 125, rudi 100, na uandike mahali tarehe uliyorudi, kwa sababu hesabu ya wiki itaanza upya kutoka hapo.

Nianze na hiyo 5.8, kwa sababu ndiyo imekutia hofu. Ulipima siku ya 12, na siku ya 12 ni mapema mno. Levothairoksini hutoka mwilini polepole sana: nusu yake huisha kwa takriban siku saba. Maana yake ni kwamba wiki moja baada ya kubadilisha kampuni, nusu ya dawa iliyokuwa mwilini bado ni ya ile ya zamani, na baada ya wiki mbili robo yake bado ipo. Inachukua wiki tano au sita hivi damu yako ijazwe na dawa mpya peke yake na kiwango kitulie. Na TSH yenyewe si dawa. Ni homoni inayotoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuamuru tezi ya shingo ifanye kazi zaidi. Wewe tezi ya shingo huna tena, lakini amri inaendelea kutolewa kulingana na dawa inayoonekana kwenye damu: dawa ikipungua TSH hupanda, ikizidi TSH hushuka, na amri hiyo huchelewa kubadilika hata pale dawa imeshabadilika. Kwa hiyo namba ya siku ya 12 haiwezi kukuambia kampuni mpya ina nguvu kiasi gani. Imepigwa picha gari likiwa bado linatembea.

Lakini sisemi 5.8 haina maana. Ina maana, ila sidhani ni ile aliyokupa jamaa wa kemisti. Rudia barua yako uone tarehe. Nywele zilianza kubaki kwenye kitana mwezi wa nane. Dawa ilibadilishwa tarehe 3 ya mwezi wa tisa. Kampuni mpya haiwezi kulaumiwa kwa jambo lililoanza kabla haijaingia mdomoni mwako, tena nywele huchelewa: zikishtuliwa na kitu, kwa kawaida huanguka miezi miwili au mitatu baadaye. Kipimo chako kizuri cha mwisho kilikuwa cha Machi. Kati ya Machi na Septemba kuna jambo lingine lililobadilika, nawe umeliweka mwishoni mwa barua kana kwamba halihusiki: omeprazoli, tangu katikati ya Julai.

Tembe ya levothairoksini inapofika tumboni huhitaji asidi ili iyeyuke vizuri. Baada ya kuyeyuka ndipo inapita kwenye utumbo mwembamba na kuingia damuni, na hata kwa mtu mzima wa afya si yote inayoingia. Ni kama asilimia 60 hadi 80. Omeprazoli kazi yake ni kuzima asidi hiyo. Ukiizima kwa wiki kadhaa, sehemu ya tembe inapita bila kuyeyuka ipasavyo, na dozi iliyokutosha Machi inakuwa pungufu Agosti ingawa hujaigusa. Wengine haiwasumbui, wengine TSH inapanda taratibu. Kwako omeprazoli ilikuwa imekaa karibu miezi miwili siku ya kipimo, na huo ni muda wa kutosha kabisa TSH kuonyesha tofauti. Kampuni mpya ilikuwa imekaa siku 12. Ningelazimishwa kuchagua mtuhumiwa wa hiyo TSH leo, ningeanza na yule aliyefika kwanza. Nywele zenyewe huenda zina sababu nyingine, kwani kutoka katikati ya Julai hadi Agosti ni karibu mno hata kwa omeprazoli.

Kuna kosa ambalo watu hufanya hapa, hata wahudumu wa afya wengine: wanadhani ukitenganisha saa za kumeza mambo yataisha. Kwa kalsiamu, kwa vidonge vya kuongeza damu vyenye ayani, na kwa zile dawa nyeupe za kutuliza kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu, kutenganisha kunasaidia kweli. Vitu hivyo hushikana na levothairoksini humo tumboni, kwa hiyo ukiacha saa nne katikati havikutani. Omeprazoli haifanyi hivyo. Inapunguza asidi mchana kutwa na usiku, hata ukiimeza jioni na tembe ya thairoidi alfajiri. Kwa sababu hiyo mtu wa omeprazoli ama inabidi aiache kama haihitaji, ama arekebishiwe dozi, ama abadilishiwe aina ya levothairoksini. Na hapo ndipo dada yako anapoingia kwenye hadithi, nitamfikia.

Kwanza hilo la omeprazoli lirudi kwa aliyekuandikia. Ulipewa ya mwezi mmoja, sasa ni mwezi wa tatu. Umuulize kama ulipimwa bakteria wa tumbo, hao wanaoitwa *Helicobacter pylori*. Wapo kwa watu wengi sana upande wetu, na wenyewe pia huharibu unyonywaji wa tembe ya thairoidi. Kuna wagonjwa ambao wakitibiwa bakteria hao, dozi yao ya levothairoksini inakuwa kubwa kuliko wanavyohitaji. Usiikate omeprazoli kimya kimya kwa sababu ya barua hii, maana vidonda navyo vina hatari yake. Ila akisema iishe, uandike tarehe iliyoisha na usogeze kipimo cha TSH: wiki sita hadi nane kutoka siku hiyo, si kutoka 3 Septemba.

Sasa ona ambavyo mambo yangekuwa kama ungefuata ushauri wote uliopewa. Unapanda hadi 125, hiyo ni robo nzima ya ziada. Unahamia kapsuli, ambazo hufyonzwa vizuri zaidi kwa mtu mwenye asidi kidogo. Halafu daktari anakuambia vidonda vimepona, acha omeprazoli. Kila moja peke yake lingeweza kuwa sawa. Yote matatu ndani ya mwezi mmoja yanasukuma upande mmoja, na kufikia Desemba ungekuwa na moyo unaodunda usiku, mikono inayotetemeka na usingizi umepotea. Dawa hii ikizidi kwa muda mrefu huchokoza mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na hupunguza uimara wa mifupa, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi, na kwa miaka 44 hauko mbali. Tena mbaya zaidi, hakuna mtu angejua lipi kati ya hayo matatu limekufikisha hapo.

Kuhusu kampuni. Si kweli kwamba kampuni zote ni sawa kabisa, na si kweli pia kwamba kubadilisha kampuni ni balaa. Dawa yenyewe ndani ya tembe ni ile ile. Kinachotofautiana ni viungo vinavyoifunga, namna tembe inavyoyeyuka, na jinsi dawa inavyodumu hadi siku ya kumalizika. Levothairoksini ni dawa ya vipimo vidogo mno, mikrogramu 100 ni sehemu ya kumi ya miligramu moja, kwa hiyo hata tofauti ndogo mgonjwa anaweza kuiona. Kumbuka hilo ukisoma pakiti: baadhi huandika 100 mcg na nyingine 0.1 mg. Ni kitu kimoja. Nimewahi kuona mama akirudisha dawa kwa hasira akidhani amepunjwa mara elfu.

Mfano mkubwa wa kubadilisha ulitokea Ufaransa mwaka 2017. Dawa ya Levothyrox ilibadilishwa viungo, laktosi ikatolewa ikawekwa manitoli na asidi ya sitriki, kusudi dawa idumu vizuri zaidi kabla ya kuisha muda. Kiini hakikuguswa. Vipimo vya wastani vilionyesha mpya na ya zamani zinalingana, lakini maelfu ya wagonjwa walilalamika, hadi serikali ikaruhusu ile ya zamani irudishwe kwa muda. Wastani wa watu wengi unaweza kulingana huku mtu mmoja mmoja akipanda na mwingine akishuka. Upande wa pili, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022 uliwaangalia watu waliobadilishiwa kampuni moja ya jenerika kwenda nyingine na haukuona TSH zao zikiharibika kuliko za wale waliobaki pale pale. Ila huko sheria ni kali: tangu 2007 tembe inatakiwa ibaki na asilimia 95 hadi 105 ya kiasi kilichoandikwa hadi siku ya kumalizika. Mimi nikizipima habari hizo mbili, ninabaki na msimamo huu: ukiweza kukaa na kampuni moja, kaa. Ukibadilishiwa, usipige kelele wala usibadilishe dozi, ila weka alama kwenye kalenda na upime wiki sita hadi nane baadaye. Asiye na tezi kabisa kama wewe asiruke kipimo hicho, kwa sababu hana tezi iliyobaki ya kuziba pengo.

Kinachonisumbua zaidi kwenye barua yako kuliko jina la kampuni ni ile bahasha ya kaki. Levothairoksini haipendi joto, mwanga wala unyevu, na pakiti nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25. Kisumu mchana ni 30 hivi, na chini ya mabati ya Kibuye ni zaidi. Tembe ikiwa ndani ya karatasi yake ya fedha ina kinga. Ikishatolewa na kuhesabiwa kwenye bahasha, ikatiwa kwenye mkoba unaoshinda kibandani juu ya marobota, inapoteza nguvu bila kubadilika rangi. Tena bahasha haina jina la kampuni, haina namba ya toleo, haina tarehe ya mwisho. Kesho ukilalamika, utalalamikia nini? Mwambie jamaa wa kemisti akukatie kipande cha karatasi ya fedha chenye tembe ndani, hata kama ni kumi tu, na akuandikie kampuni, namba ya toleo na tarehe. Kipande hicho kikae nyumbani, chumbani, mbali na jiko na dirisha. Utakapopata pakiti yenye taarifa zote na bado kuna jambo linakutia shaka, Bodi ya Famasia na Sumu hupokea ripoti za dawa zinazoshukiwa, na daktari au mfamasia yeyote anaweza kukusaidia kuituma.

Ukibadilisha bahasha kuwa karatasi ya fedha, jaribu upate kampuni ile ile uliyo nayo sasa. Ile ya zamani ikirudi dukani wiki ijayo usiirukie. Kurukaruka kati ya mbili ni kubaya kuliko kukaa na moja usiyoipenda, kwani kila kuruka kunaanzisha wiki zake sita.

Hujaniambia unameza na nini, lakini nawajua wateja wangu, na kikombe cha chai ya maziwa huwa hakiko mbali. Tembe inamezwa na maji matupu, tumbo likiwa tupu, halafu unasubiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, kahawa au chochote. Maziwa yana kalsiamu na chai hiyo ikifuata tembe dakika tano baadaye, sehemu ya dawa inaishia humo. Kama umekuwa ukifanya hivyo miaka yote mitano na TSH ilikuwa 2.1, dozi yako tayari imezoea chai. Usibadilishe ghafla kabla ya kipimo cha Oktoba. Kama chai ni tabia mpya, rudi ulivyokuwa ukifanya Machi. Ninachotaka ni kwamba wiki hizi zilizobaki ziwe za mfululizo mmoja, ili namba itakayotoka iwe na jambo la kusema.

Siku ya kipimo nenda asubuhi, kabla hujameza tembe, uimeze ukishatolewa damu. Nenda maabara ile ile iliyotoa 5.8 ukiweza, kwa sababu mashine hutofautiana. Na vile vidonge vya nywele viache kwenye kopo. Vingi vina bayotini kwa wingi, na bayotini huchanganya mashine nyingi za maabara: TSH inasomeka chini kuliko ilivyo, na homoni ya thairoidi yenyewe inasomeka juu. Ungeweza kuonekana umezidisha dawa wakati umepungukiwa, na mtu akakupunguzia dozi. Kama ni lazima uvitumie, viache angalau siku mbili kabla ya kipimo. Zile zenye mikrogramu elfu tano au kumi mimi huwaambia watu waache wiki nzima.

Namba ya Oktoba ikitoka, itasomwa hivi kwa mtu kama wewe ambaye hakuwa na saratani. Ikiwa kati ya 0.4 na 4 hivi, kulingana na mipaka ya maabara yenu, 100 ya kampuni mpya inakutosha, na utapima tena baada ya miezi sita, kisha kila mwaka. Ikiwa imepita 4 lakini haijafika 10, hapo ndipo daktari anachagua kati ya kuongeza kidogo, mikrogramu 12.5 au 25, na kushughulikia omeprazoli kwanza. Kama omeprazoli iko karibu kuisha, mimi ningependelea dozi isiongezwe. Ikipita 10, upungufu ni wa wazi na hakuna sababu ya kungoja. Ikishuka chini ya 0.4, dawa imezidi na dozi ipunguzwe. Na kila kitakachobadilishwa siku hiyo, kiwe dozi au aina ya dawa, kinakupa tarehe mpya wiki sita hadi nane mbele.

Sasa dada yako. Hajakosea kabisa. Kapsuli laini ina levothairoksini iliyokwisha kuyeyushwa ndani ya gliserini, imefunikwa na ganda la jelatini. Kwa kuwa dawa imeshayeyuka, haitegemei asidi ya tumbo kama tembe, na ya maji ni hivyo hivyo. Kwa mtu anayelazimika kumeza omeprazoli miaka yote, aliye na tumbo lisilotoa asidi, au aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo, TSH iliyokuwa ikirukaruka kwenye tembe hutulia akihamia aina hizo kwa dozi ile ile. Lakini kwa mtu ambaye tembe inafyonzwa vizuri, kapsuli haina cha kumwongezea isipokuwa gharama. Kusema tembe ni za kizamani si kweli. Ndizo dunia nzima inaanza nazo.

Kwako ingefaa kufikiriwa kama Oktoba TSH bado iko juu na daktari amesema omeprazoli haiwezi kuachwa. Hata hapo unaanza na 100, wala si 112. Dada anasema ni karibu tu, lakini hizo ni asilimia 12 za ziada kwenye dawa ambayo hupandishwa kwa hatua ndogo ndogo, tena katika umbo linalofyonzwa vizuri zaidi. Kapsuli haikatwi, haitafunwi, haifunguliwi, kwa hiyo huwezi kuipunguza nyumbani. Zile 112 daktari wake alimwandikia yeye, kwa uzito wake na kipimo chake. Na zikiisha miezi mitatu itakuwaje? Utarudi kwenye tembe, TSH itayumba tena, utapima tena. Usianze aina ambayo huna uhakika wa kuipata mwaka mzima kwa bei unayoiweza. Uliza kwanza kwa wafamasia wa hospitali kubwa na maduka ya dawa ya mjini kama wanaweza kuagiza mfululizo, na uliza bei ya mwezi, kisha uizidishe mara 12.

Ya maji ina mtego wake. Uingereza, kwa mfano, inauzwa kwa nguvu tofauti, zikiwemo mikrogramu 25, 50 na 100 ndani ya kila mililita 5. Mikrogramu 100 zako ni mililita 20 za chupa ya kwanza, mililita 10 za ya pili, na mililita 5 tu za ya tatu. Mtu akizoea kunywa 20 halafu akaletewa chupa ya nguvu ya tatu, amekunywa dozi mara nne kila siku, na ladha haitamwambia. Anayetumia ya maji asome namba ya kibandiko kila chupa mpya, na apime kwa sirinji isiyo na sindano, si kwa kijiko cha jikoni.

Wiki sita hadi nane nilizotaja ni za mtu kama wewe. Msomaji mwenye mimba asizifuate. Yeye akijua tu ni mjamzito apime mara moja, kisha kila wiki nne hadi katikati ya mimba, kwa sababu mahitaji hupanda mapema na mtoto hutegemea homoni ya mama. Aliyetolewa tezi kwa saratani ana lengo lake la TSH alilopewa na daktari, na mipaka niliyoandika hapo juu si yake. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla hata ya kubadilisha aina.

Nawe Mama Akinyi, ukisikia moyo unadunda bila mpangilio, kifua kinauma au pumzi inakatika, usingoje Oktoba, nenda hospitali siku hiyo hiyo na ubebe dawa zote, pamoja na hiyo bahasha. Vivyo hivyo watu wa nyumbani wakiona umekuwa wa kusinzia mchana kutwa, umechanganyikiwa na mwili ni baridi. Uzito, baridi na choo kigumu bila hayo mengine vinaweza kusubiri tarehe 15. Dada mwambie asitume kwanza, ila akutumie picha ya maandishi ya pakiti yake, ili daktari wako ajue jina kamili ikiwa siku moja mtaihitaji.